Mama Atakuja Tena

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Tanga aliniletea ujumbe nimtafsirie shemeji yake, mke wa kaka yake, Mkanada asiyejua Kiswahili. Kaka mtu alikuwa safarini na hapatikani, na shemeji alikuwa anasubiri jibu kuhusu safari ya mkwewe. Ujumbe ulikuwa mfupi: "mama atakuja tena uko mwezi wa 6". Niliona kosa moja, neno "uko" lililopaswa kuwa "huko", nikalinyoosha kichwani bila kusema lolote, nikaandika kwa Kiingereza kwamba mama atafika tena kule mwezi Juni. Kazi ya dakika mbili. Shemeji akafurahi, akakata tiketi.

Mama hakuwa na safari. Miguu ilikuwa imevimba, daktari alikuwa amemkataza kukaa kwenye ndege saa nyingi, na kijana alikuwa anatoa taarifa kwamba hatakuja tena. Alidondosha herufi "h" mara mbili katika sentensi moja. Ya kwanza niliiona kwa sababu sentensi ililegea bila hiyo. Ya pili sikuiona kwa sababu "atakuja" ni neno zima, safi, lenye maana yake, na "tena" likakaa vizuri pembeni yake. Nauli ile haikurudishwa yote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria sana jambo ambalo kila anayetafsiri ujumbe wa simu hukutana nalo, awe mfasiri wa kulipwa au binti anayemsomea bibi yake ujumbe wa mgeni. Ukiona kosa la chapa au neno la mtaani, ulirekebishe kimya kimya uendelee, au umrudie aliyeandika umuulize? Wengi huamua kwa ukubwa wa kosa: likiwa dogo, rekebisha, likiwa kubwa, uliza. Mimi naona kipimo hicho kimepinda. Kosa kubwa linaloonekana wazi mara nyingi halina hatari, kwa sababu halifanani na neno lolote lingine. Linaloumiza ni lile linalozaa neno sahihi.

Chukua huo uandishi wa "xalama", "cjui" na "2po". Mtu wa nje akiuona atadhani hausomeki, lakini msomaji wa Kiswahili haumsumbui hata kidogo. Tuliuzoea enzi za simu za vitufe, ujumbe mmoja ulipokuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila ujumbe una bei yake. Kwenye vitufe vile "s" ilitaka ubonyeze 7 mara nne, wakati "x" ilipatikana kwa kubonyeza 9 mara mbili. "Xalama" haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa "salama". "Cjui" haiwezi kuwa kingine isipokuwa "sijui". Kumpigia mtu simu kumuuliza maana ya "cjui" ni kumpotezea muda, na baada ya swali la tatu la namna hiyo ataacha kukujibu. Hapo rekebisha, nyamaza, songa mbele. Wala usijaribu kuyahamishia makosa hayo kwenye lugha ya pili, maana mtu aliyeandika kwa haraka kwa Kiswahili atageuka mtu asiyejua kuandika kwa Kiingereza, na hilo silo alilosema.

Herufi "h" ni habari nyingine, na inafaa tuikalie kidogo. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawaitamki, au huitamka kwa mbali, kwa hiyo hawaiandiki. Wanaandika "apa", "uyu", "adi", "ivo". Hakuna ubaya. Shida ni kwamba herufi hiyohiyo ndiyo inayobeba ukanushi. Mara nyingi lugha yenyewe hutuokoa, kwa sababu kitenzi kikikanushwa hubadilika sehemu nyingine pia. Mtu akiandika "alipi" tunajua ni "halipi", kwa ile "i" ya mwisho. Akiandika "ajalipa" tunajua ni "hajalipa", kwa ile "ja". Akiandika "atuna" au "awana" hatubabaiki, kwa sababu bila ukanushi angeandika "tuna" na "wana". Lakini kuna mahali ambapo "h" imesimama peke yake bila mlinzi: pale mtendaji ni yeye au wewe, na kitenzi ni cha wakati ujao, au ni kile kitenzi kifupi cha kumiliki. Atalipa na hatalipa. Utalipa na hutalipa. Ana na hana. Una na huna. Idondoke "h" hapo, ndiyo inageuka siyo, na sentensi inabaki imenyooka kama rula.

Sasa, unajuaje kama "ana" iliyo mbele yako ni "ana" kweli? Neno lenyewe halitakuambia. Watakaokuambia ni majirani zake. Angalia aliyeandika anaandikaje "hapa", "huyu" na "hadi" katika ujumbe huo na jumbe zake za nyuma. Kama kila mahali ameweka "h" yake, basi "ana" ni "ana", tafsiri ulale. Kama ameidondosha kwingine, hata mara moja, basi kila "ana", "una", "ata-" na "uta-" katika maandishi yake iko wazi pande zote mbili. Lile "uko" la kijana wa Tanga lilikuwa shahidi aliyesimama maneno mawili tu kutoka kwenye hatari, nami nilimfukuza kwa kumsafisha.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya wafasiri wengi, wazuri tu, ya kuuandika upya ujumbe kwa Kiswahili sanifu kwanza, kisha kutafsiri kutoka kwenye nakala ile safi. Ukisafisha mwanzoni unafuta alama za vidole. Nakala safi haitakuonyesha tena kwamba mtu huyu haandiki "h", au kwamba anaandika "2" badala ya "tu". Mimi huweka maandishi ya asili juu ya karatasi, sigusi hata nukta, na usafi unafanyika ndani ya tafsiri.

Nitaonyesha kwa ujumbe mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Ulitoka kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza pampu za maji kutoka Guangzhou, na karani wa kule husoma Kiingereza:

"kk xalama mzigo umefika apa dar ila pampu 12 zimezingua na uyu mteja wa mbeya ana hela ya kumalizia adi mwezi ujao naomba unipunguzie laki 2 2malizane cjapenda ila ndo ivo mtaji umekata"

Nusu ya ujumbe huu haina mjadala. "Kk" ni kaka, "xalama" ni salama, "cjapenda" ni sijapenda, "ndo ivo" ni ndiyo hivyo. "Mtaji umekata" ni lugha ya mtaani, lakini kwa muktadha huu maana yake ni moja: mtaji umekwisha. Yote hayo nilipitisha bila kumsumbua mtu. Ila nilipokuwa nikipitisha, nilihesabu pembeni: "apa", "uyu", "adi", "ivo". Mara nne "h" imekosekana, na imebaki kwenye "hela" tu. Na "2" imetumika angalau mara moja kwa maana ya "tu", katika "2malizane".

Baada ya hesabu hiyo yakabaki maneno matatu.

La kwanza ni "ana hela". Kwa mtu anayedondosha "h" mara nyingi hivi, hii inaweza kuwa "hana hela ya kumalizia hadi mwezi ujao", yaani mteja amekwama, na ndiyo sababu ya kuomba punguzo. Muktadha unaelekea huko, na "hadi" inavuta huko pia. Lakini inaweza kuwa "ana hela ya kumalizia", ila hataitoa hadi mwezi ujao. Tofauti si ndogo: katika la kwanza mteja hana kitu, katika la pili pesa ipo na inachelewa, na muuzaji wa Guangzhou akisikia pesa ipo atasema basi tusubiri.

La pili ni "laki 2". Hapa ndipo nilipotoka jasho. Kwa kawaida "laki 2" ni laki mbili, shilingi 200,000, na mfasiri mwenye haraka ataandika hivyo bila kusita. Lakini huyu mtu anaandika "2" badala ya "tu", na amefanya hivyo kwenye neno linalofuata. Soma tena kwa sauti: "naomba unipunguzie laki tu, tumalizane." Ni Kiswahili kizuri kabisa, na ni laki moja, shilingi 100,000. Hakuna kamusi wala kanuni ya sarufi itakayokuamulia hapo. Ni nusu ya fedha, na aliyeandika peke yake ndiye anayejua.

La tatu ni "zimezingua". Kuzingua ni kusumbua, kuleta tabu, kwenda kinyume na ilivyotarajiwa. Pampu inayovuja imezingua, isiyowaka imezingua, hata iliyofika ikiwa ya ukubwa tofauti na ulioagizwa imezingua. Kwa neno la mtaani lisilo na mipaka kama hili nina utaratibu wangu. Kama lugha ya pili ina neno lisilo na mipaka vilevile, ninalitumia na siulizi. Aliyeandika amechagua kutosema zaidi, na si kazi yangu kumlazimisha aseme. Kiingereza kina namna ya kusema kwamba pampu zimeleta shida bila kutaja shida gani. Kwa hiyo lingekuwa "zimezingua" peke yake, ningelipitisha.

Lakini nilikuwa nauliza hayo mawili tayari, na mtu akishasumbuliwa mara moja, swali la tatu halimgharimu zaidi. Sipendi kumrudia mtu asubuhi kwa hili, mchana kwa lile. Nakusanya maswali yote, nayatuma mara moja.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukimwandikia mtu "unamaanisha nini?" unamwambia hajui kuandika, na Mswahili akishaona aibu atakujibu kwa kifupi ili yaishe. Ukimuuliza swali la ndiyo au hapana, unaingia kwenye shimo lingine. Mimi nikisema "Mteja hana hela?" nawe ukajibu "ndiyo", maana yake ni kwamba ndiyo, hana. Lakini aliyezoea mazungumzo ya Kiingereza anaweza kujibu "hapana" akiwa na maana hiyohiyo. Swali lenye ukanushi kuhusu ukanushi ni kuongeza giza. Kwa hiyo naandika pande zote mbili kwa maneno kamili, fedha naziandika kwa tarakimu, namwachia achague. Nilimtumia hivi:

"Kaka, habari za kazi. Kabla sijaituma nataka nikuwekee sawa kabisa kule. 1. Punguzo unaloomba ni 100,000 au 200,000? 2. Mteja wa Mbeya: pesa anayo ila atatoa mwezi ujao, au kwa sasa hana kabisa? 3. Pampu zina tatizo gani, wasije wakauliza?"

Jibu lilikuja baada ya robo saa: "laki moja 2 dada. hyo jamaa ana kabisa. pampu zinavuja kwenye sili".

Tazama jibu la pili. "Ana kabisa." Nilikuwa nimemuuliza ili kumaliza utata wa "h", naye akanijibu bila "h". Hapa sikuuliza tena. "Kabisa" lilikuwa neno langu, nimeliweka upande mmoja tu wa swali, upande wa "hana", naye amelichukua kutoka huko. Na katika Kiswahili cha kila siku mtu mwenye pesa tungesema "anayo", hasa baada ya mimi kuandika "anayo" kwenye swali lenyewe. Swali lililoandikwa pande mbili kwa maneno tofauti ndilo lililoniokoa. Ningeandika "ana au hana?", ningekuwa palepale nilipoanza.

Kuna jozi nyingine ninazozichunga kwa macho mawili. "Npe" ni ufupisho wa "nipe", lakini "n" na "m" zimekaa ubavu kwa ubavu kwenye kibodi ya simu, na kidole kikiteleza inakuwa "mpe". Fedha imehama mfuko. "Nimelipa" na "nimelipwa" zinatofautiana kwa "w" moja, na aliyeandika kwa haraka huimeza. Jaribio langu kwa yote haya ni lile lile: nikishapata marekebisho ya kwanza, najilazimisha kutafuta ya pili. Nikikosa, narekebisha na kunyamaza. Nikipata, naangalia kama yanabadilisha nani, kiasi gani, lini, au ndiyo na siyo. Yakibadilisha moja kati ya hayo, simu inapigwa.

Maneno ya mtaani yana tabia ya kubadilika kwa kuvuka mpaka. Mtu wa Dar akiandika "buku" anataja shilingi 1,000, na "jero" ni 500. Mtu wa Nairobi akiandika "soo" anataja 100, na "mbao" kwake ni 20. Sasa mpe mfasiri wa Kitanzania ujumbe unaosema "nitumie mbao", uende kwa mwenye karakana ya useremala. Neno halina kosa, sentensi haina kosa, na mizigo miwili tofauti kabisa inaweza kupakiwa. Namba ikianza na +254 au +255 inakupa dokezo, lakini haikwambii mtu alikulia wapi. Mimi neno la mtaani la mji nisioujua naliuliza hata nikidhani nalijua. Kwa kweli, naliuliza zaidi ninapodhani nalijua.

Katika mambo ya afya dhana hiyo imewahi kuvunja maisha. Mwaka 1980, Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hana fahamu. Ndugu zake, wasemaji wa Kihispania cha Kuba, walisema yu "intoxicado", yaani amekula au kunywa kitu kilichomdhuru. Neno lilifanana na la Kiingereza la mtu aliyelewa au aliyezidisha dawa za kulevya, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza, na akatibiwa hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na malipo ya fidia yalifika kama dola milioni 71. Kwetu tuna neno "ngoma". Kwa wengi ni muziki, ni sherehe, lakini kwa lugha ya mtaani Tanzania mtu akiambiwa "ana ngoma" anaweza kuwa anatajwa kwamba ana virusi vya Ukimwi. Weka na mwandishi asiyeandika "h", na sentensi ya maneno mawili ina milango minne. Hilo huliulizi kwenye kundi la familia. Unamuuliza aliyeandika, peke yake, kwa sauti si kwa maandishi, na jibu lake linaishia kwenye karatasi ya daktari.

Upo uwanja mmoja ambapo sheria zote nilizotaja zinageuka: ujumbe unapotafsiriwa kuwa ushahidi. Mume na mke wanaachana nje ya nchi, mmoja analeta mahakamani jumbe za Kiswahili. Hapo hurekebishi kimya hata "xalama", wala humpigii aliyeandika, kwa sababu yeye sasa ni upande mmoja wa kesi na anaweza kukupa maana inayomfaa leo badala ya ile aliyokuwa nayo siku ile. Unatafsiri kilichoandikwa, kisha ndani ya mabano ya mraba unaeleza: hapa imeandikwa "ana"; mwandishi ameacha herufi "h" mahali pengine saba; inaweza kusomwa pia "hana". Akiandika "lete mzigo", mzigo unabaki mzigo. Kuamua kama ni nguo, fedha au unga wa kulevya ni kazi ya mahakama, na mfasiri anayeamua amekuwa shahidi bila kuapishwa.

Mabano hayo ndiyo pia msaada wangu pale aliyeandika hapatikani na ujumbe hauwezi kungoja. Simu imezimwa, yuko njiani, yuko shamba kusikokuwa na mtandao. Natuma yale yote yaliyo wazi, na kwenye neno lenye utata naweka maandishi ya asili kama yalivyo, halafu maana mbili, halafu sentensi moja inayosema bado nasubiri jibu. Wateja wengine hawapendi. Wanataka tafsiri iliyonyooka. Nawaelewa. Lakini shemeji wa Kanada angepata kutoka kwangu mstari uliosema "mama atakuja tena, au hatakuja tena, nasubiri mdogo wake mumeo anithibitishie", angeacha kukata tiketi jioni ile.

Kijana yule bado huniletea jumbe. Bado haandiki "h". Wiki iliyopita aliandika: "mama ana maumivu tena shemeji". Nikampigia.